Elfu Kumi na Mbili za Kivuko Zimetokaje?

Mikutano mingi ya kijiji inayohusu mchango huharibika pale mwenyekiti anapotaja kiasi. Anasema "kila kaya elfu kumi na mbili", halafu minong'ono inaanza nyuma, na kuanzia hapo hakuna anayesikiliza tena. Watu hawakatai daraja. Wanachokataa ni namba iliyodondoka kutoka hewani. Kwa hiyo tuichukue hotuba moja ya mfano, ya kijiji cha mlimani chenye kaya 236 katika rejista, tuifuate hatua kwa hatua, tuone namba hiyo inavyozaliwa. Bei zilizomo ni za mfano tu. Za kwenu zitatoka duka la vifaa lililo karibu.

Kivuko chenyewe ni cha waenda kwa miguu, urefu mita 12, upana unaotosha watu wawili kupishana. Kimelala juu ya magogo ya mikaratusi, na magogo yameegemea kuta za mawe: moja kila ukingo na nguzo moja katikati ya mto. Juu yake zimepigiliwa mbao. Ni mwezi wa Juni, masika yamekwisha, na mbao tatu hazipo.

Mwenyekiti mzuri haanzi na mbao hizo tatu. Anaanza na fedha za mara iliyopita. "Ndugu wananchi, shikamooni wazee wangu. Kabla sijaomba senti, mtunza hazina atasoma mchango wa ujenzi wa choo cha shule: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki." Inachukua dakika tano, na pengine yatakuwa na aibu ndani yake. Lakini swali la "za mwaka jana zilikwenda wapi?" lipo midomoni mwa watu hata asipolijibu, na likiulizwa katikati ya hotuba linaua kila kitu.

Baada ya hapo anainua kipande cha gogo kilichokatwa kivukoni, anakichoma kwa msumari, na msumari unazama bila nyundo. Wanawake waliokaa mbele wanaguna. Hapo ndipo watu wanapoelewa kwamba tatizo si mbao zinazoonekana. Gogo la mkaratusi lililotiwa dawa huoza kuanzia mwishoni, pale linapolalia udongo na majani makavu yanayoshika unyevu. Dawa huingia sehemu ya nje ya gogo, haifiki kiini. Fundi akilikata ili liingie mahali pake na kuulaza mkato ule kwenye udongo, ameufungulia uozo mlango. Kwa jicho gogo ni zima; ukiligonga kwa nyundo linalia kama debe tupu. Ukaguzi wa kijiji hiki ulikuta magogo mawili kati ya sita yako hivyo.

La tatu ndilo baya zaidi, na ndilo gumu kuwaonyesha watu. Maji ya masika yamechimba chini ya ukuta wa ukingo mmoja hadi mkono unapita. Ukuta bado umesimama, lakini umesimama kwa mazoea. Hapa mwenyekiti anasema jambo ambalo viongozi wengi hulikwepa: "Tukiweka mbao mpya na kuacha shimo lile, masika ijayo mbao mpya zitaondoka na ukuta." Kabla ya kufika mkutanoni alikuwa ameshamwomba mhandisi wa TARURA wilayani aje alitazame shimo hilo, maana fundi seremala anajua mbao, hajui mto.

Sasa gharama. Mbao za inchi 2 kwa 6 huuzwa kwa urefu wa futi 12, na kila moja hutoa vipande vitatu vya kutosha upana wa kivuko. Kila kipande, pamoja na upenyo wa kupitisha maji, kinachukua sentimita 16. Ukigawa mita 12 unapata vipande 75, yaani mbao 25. Mbili zaidi ni za akiba kwa zitakazopasuka. Mbao 27 kwa shilingi 16,000 ni 432,000. Magogo mawili ni 220,000. Mafundi wawili kwa siku 8, kila mmoja 30,000 kwa siku, ni 480,000. Kwenye shimo la ukingo zitawekwa sanduku nne za waya zinazojazwa mawe, kwa 95,000 kila moja, jumla 380,000. Vilivyobaki, yaani misumari, saruji ya kuziba nyufa, mbao za kushikia na kukodi gari, vinafika 545,000. Jumla ni 2,057,000. Halmashauri ya kijiji imeongeza 203,000 za dharura, karibu asilimia kumi, kwa sababu bei ya Juni si ya Septemba. Lengo ni 2,260,000.

Hadi hapa hotuba imekuwa ya mafundi. Kuanzia hapa ni ya siasa, na hapa ndipo michango mingi inapokosewa kwa hesabu nyepesi ya darasa la nne.

Njia ya haraka ni kugawa 2,260,000 kwa kaya 236 za rejista. Unapata kama 9,600, namba tamu inayopigiwa makofi. Lakini rejista ina nyumba 14 zilizofungwa, wenyewe wako Dar es Salaam au Arusha na hawajaonekana msimu mzima. Ina kaya 22 ambazo mkutano wenyewe utazisamehe: bibi anayelea wajukuu, mgonjwa asiyeinuka, mzee asiye na wa kumlimia. Zinabaki kaya 200. Ukiwatoza hao 9,600 unakusanya 1,920,000, pungufu ya lengo kwa 340,000.

Pengo hilo litazibwa vipi? Hakuna kamati itakayopunguza mbao, kwa sababu mbao zinaonekana na mheshimiwa diwani atakuja kuzikanyaga. Mafundi wanataka chao. Kinachokatwa ni sanduku za waya, kwa kuwa ziko chini ya maji na hakuna atakayezikosa siku ya uzinduzi. Kivuko kinang'aa, picha zinapigwa, na mto unaendelea kuchimba palepale ulipoachia. Kwa maoni yangu, vivuko vingi vinavyoondoka "kwa mvua zisizo za kawaida" huondoka kwa kugawanya vibaya.

Ndiyo maana mwenyekiti wa mfano wetu anagawa kwa 200. Anapata 11,300, kisha anaipandisha hadi 12,000 na kusema sababu waziwazi: "Kwa elfu kumi na mbili, tunaweza kuwakosa kaya 11 na kazi bado ikamalizika. Ya kumi na mbili ikikosekana, kuna kitu hakitanunuliwa. Nimewaambia mapema ili asiyelipa ajue anachokikata." Fedha italipwa kwa awamu mbili za 6,000, mwisho wa Julai na mwisho wa Agosti, watu wakiwa na mahindi ya kuuza. Kazi ni Septemba, kabla vuli haijaanza Oktoba.

Mawe hayamo kwenye hesabu, na hilo linahitaji maelezo. Sanduku moja lina urefu wa mita 2, upana mita 1 na kina mita 1. Nne zinameza meta za ujazo 8. Kununua na kusomba mawe hayo kwa lori kungepandisha mchango. Yakigawanywa kwa kaya 200, kila kaya inaleta debe mbili. Yawe makubwa kuliko tundu la waya, kuanzia ngumi mbili hadi kichwa cha mtoto. Kokoto zitachuruzika na sanduku litabaki gunia tupu. Huko Upare kazi ya pamoja ya namna hii huitwa msaragambo, na kivuko ni mahali pake hasa, maana mawe yanapangwa kwa mkono, moja baada ya jingine, wala hayamwagwi.

Maswali hayakosekani. Kijana mmoja anasimama: "Mwenyekiti, mimi sina elfu kumi na mbili ila nina mikono. Nifanye kazi siku mbili." Ni ombi la haki, na jibu jepesi ni kulikubali. Ila vibarua walishaondolewa kwenye hesabu. Kubeba na kupanga ni msaragambo wa wote. Wakikubaliwa ishirini wa namna hiyo, zinakosekana 240,000 ambazo hakuna jasho litakalozigeuza misumari. Anachoweza kupewa ni muda: alipe awamu nne badala ya mbili.

Kisha mama mmoja wa kitongoji cha juu: "Mwanangu, sisi huku hatuvuki hapo. Tunalipia miguu ya nani?" Mwenyekiti anamwamkia kwanza, "shikamoo mama", anaitikiwa marahaba, halafu hamhubirii umoja. Anamuuliza mashine ya kusaga iko ng'ambo gani. Watu wanacheka, mama naye anacheka. Lakini kama kitongoji kweli hakina shule, zahanati wala mashine ng'ambo ya mto, mkutano unaweza kukipunguzia, na hesabu inarudiwa mbele ya watu, si ofisini jioni.

Swali la asiyelipa ndilo linalohitaji ulimi wa uangalifu. Mkutano mkuu wa kijiji, wenye wakazi wote waliotimiza miaka 18, ndicho chombo cha juu kijijini kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982. Kukubaliana mchango mkutanoni kunaufanya kuwa wa wote, ila hakumpi mgambo ruhusa ya kubeba kuku wa mtu. Adhabu inatokana na sheria ndogo, nayo hupendekezwa na halmashauri ya kijiji, hujadiliwa na wakazi, kisha hupelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Bila hiyo, mwenyekiti anayetisha anajitafutia kesi. Wa kwetu anachofanya ni kubandika orodha ya waliolipa, si ya wasiolipa, kwenye ubao wa ofisi kila Jumamosi.

Fedha inaingia akaunti ya kijiji. Wanunuzi ni kamati ya watu watano ambayo mwenyekiti hayumo, na inaleta bei za maduka matatu kabla ya kununua. Kaya zote 200 zikilipa, zinapatikana 2,400,000, ziada ya 140,000 juu ya lengo. Anatamka mapema kwamba ziada hiyo ni ya kukagua waya na kujazia mawe baada ya masika ya kwanza, kwa sababu sanduku jipya hukaa na kutitia kidogo, na mkutano wa mwisho wa mwezi wa sita mwaka ujao utaisomewa.

Nawe ukiitwa kwenye mkutano wa namna hii, uliza mambo mawili tu: namba imegawanywa kwa kaya ngapi, na kipi kitakatwa fedha zikipungua. Na ukilipa, ukapewa karatasi isiyo na namba wala muhuri, irudishe papo hapo udai stakabadhi.