Mafuta ya karafuu si mafuta ya nazi

Lugha ya Kiswahili imeliachia neno "mafuta" mzigo mkubwa. Twasema mafuta ya nazi, mafuta ya taa na mafuta ya karafuu, ilhali vitu hivyo vitatu havina udugu wa karibu. Mimi, ambaye kazi yangu ni kufundisha maana za maneno, niliwahi kuadhibiwa na neno hilohilo.

Rafiki yangu alinitunukia kichupa cha mafuta ya karafuu kutoka Pemba. Goti lilikuwa likiniuma, nami nikajipaka mafuta hayo yalivyo, nikalifunga kwa kitambaa na kulala. Kwanza goti lilikufa ganzi, nikadhani nimepata dawa. Usiku wa manane niliamka likiwaka moto, nikalimwagia maji pasi na nafuu yoyote. Kulipopambazuka ngozi ilikuwa nyekundu na imefanya malengelenge.

Kisa chake ni hiki. Mafuta ya nazi hukamuliwa, nayo ni shahamu ambayo hutulia juu ya ngozi na kuilainisha. Mafuta ya karafuu hukenekwa: mvuke hupitishwa katika karafuu, makonyo au majani yake, ukabeba kile kinachonukia, kisha ukapozwa. Kinachopatikana si shahamu, bali ni kemikali kali zilizokusanywa mahali pamoja. Iliyo nyingi zaidi huitwa eujenoli, na aghalabu huzidi asilimia 70 ya mafuta hayo. Chembe zake ni ndogo na huyeyuka katika shahamu, na kwa kuwa seli za tabaka la juu la ngozi zimeshikanishwa kwa shahamu, eujenoli hupenya hapo kwa urahisi na kuzidhuru seli hai zilizo chini. Aidha, kemikali hiyo hutia ganzi, ndiyo maana madaktari wa meno huitumia. Ganzi hiyo ndiyo iliyonificha madhara yalipoanza. Kitambaa nacho kiliyazuia mafuta yasifuke hewani, yakazidi kupenya.

Maji hayakunifaa kwa sababu mafuta hayo hayachanganyiki nayo. Ningaliyapangusa kwanza kwa kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya nazi au ya kupikia, kisha nikanawa kwa sabuni na maji. Ila yakiingia machoni, suuza kwa maji safi kwa muda wa dakika 15, halafu umwone daktari.

Basi yatumiwe vipi? Hapa ndipo hesabu ya asilimia tunayoifundisha darasani inapohitajika. Kwa mtu mzima, mafuta mengi ya namna hii yasiyo makali sana huchanganywa kwa asilimia 1 usoni na asilimia 2 mwilini. Karafuu ni kali zaidi, na kiwango chake kisizidi asilimia 0.5, yaani nusu ya sehemu moja katika mia. Chukua vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya nazi, ambavyo ni mililita 30. Zidisha 30 kwa 0.5, ugawe kwa 100. Utapata mililita 0.15. Mililita moja hukadiriwa kuwa matone 20, kwa hiyo hayo ni matone matatu tu. Nilipojipaka mafuta yasiyochanganywa, nilitumia ukali mara 200 ya unaostahili.

Hata hivyo, matone hayalingani: tundu la chupa likiwa pana, tone huwa kubwa. Afadhali kutumia bomba la sindano la mililita moja, lisilo na sindano, na kuchanganya kingi kidogo: mililita 0.5 za karafuu katika mililita 100 za mafuta ya nazi. Katika miji ya baridi mafuta ya nazi huganda. Yapashe moto kidogo yayeyuke kabla ya kuyapima, la sivyo karafuu itabaki imejikusanya upande mmoja.

Kabla ya kujipaka, tia tone moja la mchanganyiko ndani ya kiwiko na ungoje siku mbili. Mwasho wa papo hapo waonyesha kuwa ukali umezidi. Upele unaozuka kesho yake au keshokutwa ni jambo jingine: huenda mwili umeyakataa mafuta hayo, na ukishayakataa, hata kiasi kidogo mno chaweza kuuchokoza tena. Mtu wa namna hiyo hasaidiwi na kuongeza mafuta ya nazi, ayaache kabisa.

Vipimo hivi ni vya watu wazima wenye ngozi nzima. Havihusu watoto wala waja wazito, wala mahali penye kidonda. Mtoto akiyanywa mafuta ya karafuu ini lake laweza kuharibika, kwa hiyo kichupa kiwekwe asikokifikia.

Changu nimekibandika karatasi. Sikuandika "mafuta". Nimeandika: "Karafuu kali. Matone 3 katika vijiko 2 vikubwa."