Kopo la Sh300 kutoka China linavyoweza kukugharimu Sh732

Unafungasha siagi ya karanga Dar es Salaam. Kiwanda cha hapa hapa kinakuuzia kopo la plastiki la nusu lita kwa Sh600, mpaka mlangoni kwako. Mtandaoni unaona kopo lile lile China kwa Sh300. Nusu bei! Kabla hujatuma hela, piga hesabu hii ya mfano kwa makopo 10,000.

Bei ya China mara nyingi ni FOB, yaani mzigo ukishapakiwa melini kule kwao. Hiyo ni Sh3,000,000. Safari bado.

Kopo tupu limejaa hewa, na mzigo mwepesi kama huu hulipiwa nafasi unayokula, siyo kilo. Makopo 10,000 yanachukua kama mita 8 za ujazo. Tuseme kila mita ni Sh250,000 pamoja na bima, hapo ni Sh2,000,000. Umefika Sh5,000,000.

Ushuru wa forodha haupigwi kwenye ile milioni 3. Unapigwa kwenye bei pamoja na nauli na bima. Bidhaa nyingi zilizokamilika Afrika Mashariki hutozwa asilimia 25 au 35. Kwa asilimia 25 unaongeza Sh1,250,000. Weka na Sh700,000 za bandari, wakala wa forodha na gari la kukuletea. Jumla Sh6,950,000, na VAT tumeiweka kando kwa pande zote mbili.

Sasa fungua maboksi. Makopo 500 yamebonyea au vifuniko havikazi. Ukiyarudisha China, nauli inazidi thamani yake. Gawa ile jumla kwa makopo mazima 9,500: kila kopo limekugharimu kama Sh732. La Sh600 lilikuwa rahisi zaidi, na likiwa bovu unalirudisha kesho yake.

Kuna na mtaji uliolala. Wauzaji wengi wa China hutaka asilimia 30 ukiagiza na 70 kabla ya kusafirisha, halafu unasubiri miezi miwili au mitatu. Makopo yakikuishia katikati, siagi ipo lakini huna pa kuiweka. Kiwanda cha jirani unachukua 1,000 kila wiki, unauza, unarudi.

Hii haina maana kwamba China ni hasara siku zote. Zipu au sindano za cherehani hazili nafasi, kwa hiyo nauli kwa kila moja ni ndogo sana, na hapo kuagiza kunaweza kulipa.

Kwa hiyo ukipewa bei, uliza vitu vitatu: inaishia wapi, mzigo una mita ngapi za ujazo, na vibovu analipa nani. Kisha gawa gharama yote kwa vile vizima tu. Hiyo ndiyo bei yako halisi.