Unalipia Ukuta au Unalipia Dirisha?

Dai la malipo la mkandarasi huwatisha wanakamati wengi kwa wingi wa kurasa. Jumla iko mwisho, chini yake muhuri na sahihi, na mkandarasi mwenyewe yuko mlangoni akisema mafundi wake hawajalipwa. Wengi hutazama ile jumla, wakagunaguna, wakapitisha. Lakini fedha haipotei kwenye jumla. Hupotea kwenye mstari mmoja mmoja, na mstari huo unaweza kukaguliwa na yeyote anayejua kuzidisha na kushika futikamba.

Kifaa cha kukagulia mnacho tayari, ndani ya mkataba. Ni jedwali la kazi, vipimo na bei ambalo saiti nzima hulijua kwa jina la BOQ. Kila mstari una herufi yake, maelezo ya kazi, kizio cha kupimia, kiasi, bei ya kizio kimoja na jumla. Anza kwa kunakili kwenye karatasi yako mistari ile tu ambayo mkandarasi anaidai, ukiandika ukurasa na herufi ya kila mmoja. Nakili kutoka BOQ iliyosainiwa, si kutoka kwenye dai, kwa sababu kinachotafutwa ni tofauti kati ya hizo mbili. Usiache kichwa cha habari kilicho juu ya mistari. Mara nyingi unene wa tofali na uwiano wa saruji na mchanga huandikwa hapo mara moja, na mistari ya chini yake hairudii.

Tuchukue jengo la madarasa mawili yaliyo chini ya paa moja, kila darasa mita 9 kwa 7 kwa ndani, kuta za tofali za saruji zenye unene wa sentimita 15. BOQ inasema ukuta hadi chini ya lenta ni mita za mraba 156, kwa shilingi 32,000 kila moja. Dai namba mbili linasema mita za mraba 174. Bei ni ileile, kuzidisha kumefanywa sawasawa, na ukuta kweli umesimama. Kosa liko wapi?

Kapimeni. Ukifuata katikati ya unene wa ukuta, kuta za nje zina urefu wa mita 50.9, na ukuta unaotenganisha madarasa una mita 7. Jumla ni mita 57.9. Kimo hadi lenta ni mita 3, kwa hiyo eneo ni mita za mraba 173.7. Hapo ndipo 174 ilipotoka: mkandarasi amepima ukuta kana kwamba hauna tundu hata moja. Jengo lina milango miwili ya mita 0.9 kwa 2.1 na madirisha manane ya mita 1.5 kwa 1.2. Yote pamoja ni mita za mraba 18.18. Ukiyatoa, ukuta halisi ni 155.5, nayo BOQ ikaandika 156. Mita 18 zilizozidi, kwa shilingi 32,000, ni shilingi 576,000 za hewa inayopita dirishani.

Mkandarasi atajitetea kwamba kukata tofali pembeni mwa madirisha kunapoteza tofali na muda. Ni kweli kunapoteza. Ila kazi ya ujenzi hupimwa kama ilivyokaa ukutani baada ya kukamilika. Tofali zilizovunjika na vipande vilivyobaki alitakiwa kuviweka ndani ya ile bei yake ya 32,000 siku alipoomba zabuni. Kwa kanuni hiyohiyo, nondo hulipwa kwa kilo zilizofungwa ndani ya zege pamoja na mapishano yake, si kwa idadi ya nondo zilizoshushwa kwenye gari.

Mstari wa pili wenye mushkeli ni uchimbaji wa msingi. Mtaro wa upana wa mita 0.6 na kina cha mita 0.9, ukiufuata jengo zima bila kuhesabu makutano mara mbili, unatoa mita za ujazo 31. Mkandarasi alidai 41, na dai namba moja likapita hivyo. Huenda hakukusudia wizi. Alihesabu tripu za gari lililozoa udongo, na udongo ukishachimbwa huvimba. Robo au theluthi ya ziada ni jambo la kawaida. Lakini uchimbaji hupimwa kwa ukubwa wa shimo. Kwa shilingi 12,000 kwa mita ya ujazo, mita 10 za uvimbe ni shilingi 120,000.

Je, malipo yakishatoka ndiyo basi tena? Hapana, na hili wengi hawalijui. Madai ya ujenzi kwa kawaida hujumlisha kazi yote tangu siku ya kwanza, kisha hutoa kilichokwisha kulipwa. Kwa hiyo uchimbaji unaonekana tena kwenye dai namba mbili, na mnaweza kuandika 31 badala ya 41.

Hesabu basi inakwenda hivi. Mkandarasi anasema kazi yote hadi leo ina thamani ya shilingi 24,600,000. Toeni 576,000 za madirisha na 120,000 za udongo, inabaki 23,904,000. Mkataba huu unaruhusu kushikilia asilimia 10 kama fedha za zuio, za kurekebishia kasoro, yaani 2,390,400. Inabaki 21,513,600. Malipo ya kwanza, baada ya zuio, yalikuwa 11,250,000. Anachostahili sasa ni shilingi 10,263,600. Yeye aliomba 10,890,000.

Msikimbilie kukata kila kinachozidi BOQ. Kiasi kinaweza kuongezeka kihalali: ardhi ikawa laini, msimamizi akaamuru kwa maandishi mtaro uende chini zaidi. Ombeni hiyo amri muione. Na kabla ya yote, someni aina ya mkataba. Ukiwa ni wa bei moja isiyobadilika kwa jengo zima, kupungua au kuongezeka kwa vipimo vya BOQ hakubadilishi bei ya mwisho. Pale BOQ husaidia tu kuona kazi imefika wapi. Hesabu niliyoonyesha ni ya mkataba unaolipa kwa kazi iliyopimwa. Tena kipimo hakisemi lolote kuhusu ubora. Ukuta uliopinda haulipwi hata kama eneo lake ni sahihi.

Mistari ya matayarisho mwanzoni mwa BOQ, kama banda la stoo, ulinzi na maji ya saiti, haipimwi kwa futi. Angalieni tu asiwe amedai ulinzi wote wa miezi sita mwezi wa pili.

Msikalie dai mkibishana. Mikataba mingi ina siku maalumu za kulipa, na ucheleweshaji unaweza kuzaa riba. Lipeni ile 10,263,600 isiyo na ubishi, na muandikie mkandarasi barua fupi inayotaja ukurasa, herufi ya mstari, kipimo chake na kipimo chenu. Akipinga, mwende saiti pamoja na mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa, mpime upya, msaini wote.

Ukuta na madirisha vitakuwepo siku hiyo. Kina cha mtaro hakitaonekana tena, kwa hiyo upimeni na kuupiga picha kabla zege halijamwagwa, mwakilishi wa mkandarasi akiwepo, na vipimo viandikwe kwenye daftari la saiti siku hiyohiyo.