Je, Wajua? Kivuli nacho hufutwa

Ukifuta gari la kuchezea la mtoto kwenye picha ya sebule ya kupangisha pale Songea, kivuli chake kikibaki sakafuni kitakuumbua. Futa vyote kwa pamoja, ila kivuli cha meza usikiguse. Kisha ziba pengo kwa Clone Stamp ya Photoshop: shikilia Alt, bofya sakafu safi iliyo umbali uleule kutoka dirishani, maana mwanga juu ya saruji iliyong'arishwa hupungua kadiri unavyoingia ndani. Kwenye vigae, anzia pale mistari inapokutana, la sivyo itapishana. Mwisho kuza picha: doa lilelile likijitokeza mara mbili, nakili kutoka mahali pengine. Nyufa za sakafu ziache. Mpangaji ana haki ya kuziona.