Neno 'likizo' na mkataba usioandikwa

Neno likizo katika Kiswahili hubeba mizigo miwili. Shule ikifungwa, twasema wanafunzi wamekwenda likizo. Mfanyakazi apewapo siku za mapumziko naye hulipwa kama kawaida, twasema pia kwamba yuko likizo. Katika mazungumzo ya kila siku utata huu haumdhuru mtu. Lakini mwalimu anapoajiriwa kwa maneno matupu katika shule ya binafsi, neno hilo moja laweza kumpotezea mshahara wa miezi mitatu kila mwaka.

Natuchukue mfano wa kubuni, ingawa wasomaji wengi walio walimu watautambua. Kijana aliyehitimu chuo aitwa na mwenye shule mnamo Januari 2024. Wanazungumza ofisini kwa dakika kumi. Mwenye shule amwambia, "Tutakupa elfu ishirini na nne, na likizo utapata kama wenzako." Kijana ashukuru, aanze kazi siku ya pili. Hakuna karatasi iliyotiwa sahihi. Afikapo Aprili shule yafungwa, na mshahara hauji. Agosti vivyo hivyo, na Desemba vivyo hivyo. Aacha kazi mwishoni mwa Novemba 2025, naye adai mishahara ya miezi mitano ambayo hakulipwa, yaani Sh120,000. Mwenye shule ajibu kwamba walikubaliana kulipana kwa miezi ya kufundisha tu. Kila mmoja asema kweli kama aelewavyo neno likizo. Je, nani aaminiwe?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008, haikuliacha swali hili hewani. Kwanza yakiri kwamba mkataba wa mdomo ni mkataba. Kwa hiyo mwajiri hawezi kusema kwamba, maadam hakuna karatasi, hapakuwa na ajira. Pili, kifungu cha 9 chaagiza kwamba ajira ambayo siku zake za kazi, zikijumlishwa, zafikia miezi mitatu au zaidi, sharti iandikwe. Wajibu wa kuandika ni wa mwajiri. Si kazi ya mwajiriwa kuomba. Tatu, kifungu cha 10 chataka maelezo ya ajira yatolewe kwa maandishi kabla ya miezi miwili kupita tangu kazi ianze. Maelezo hayo ni pamoja na aina ya kazi, tarehe ya kuanza, saa za kazi, kiwango cha mshahara na njia ya kuuhesabu, vipindi vya kulipwa, na masharti ya likizo. Mwalimu wetu, basi, alistahili kuwa na karatasi yake mkononi kufikia katikati ya Machi 2024, kabla ya ile Aprili ya kwanza isiyo na mshahara.

Na mwajiri asipoiandika? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kifungu hicho cha 10, katika sehemu yake ya saba, chasema kwamba mwajiri akishindwa kutoa mkataba ulioandikwa au maelezo hayo mbele ya mahakama, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa wamwangukia yeye. Kwa kawaida adaiye ndiye athibitishaye. Sheria imeugeuza utaratibu huo kwa sababu iliyo wazi: aliyepewa kalamu akakataa kuandika, hawezi kufaidika na ukurasa mtupu. Isitoshe, ametakiwa kuyahifadhi maelezo hayo kwa miaka mitano baada ya ajira kwisha, kwa hiyo kusema kwamba karatasi ilipotea hakumwondolei mzigo.

Hata hivyo, wako wanaodhani kwamba kwa kifungu hiki kila asemalo mfanyakazi litakubaliwa. Sivyo. Kuna mambo mawili ambayo mzigo wake haumtoki mwalimu.

La kwanza ni kuonyesha kwamba aliajiriwa. Mwenye shule akimkana kabisa, mwalimu ndiye atakayeonyesha kwamba alifanya kazi pale. Hapa humfaa ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha fedha zilizotoka shuleni mwezi baada ya mwezi, ratiba ya masomo yenye jina lake, orodha ya zamu, daftari la alama alilotia sahihi, na ushahidi wa mwalimu mwenzake. Ujumbe mmoja wa fedha waweza kuitwa mkopo au zawadi. Jumbe kumi na nane za kiasi kilekile, zilizofika takribani tarehe ileile, ni vigumu kuziita zawadi.

La pili ni kulitaja sharti analolidai kwa maneno yasiyopinda. Kusema "walinidhulumu mshahara wa likizo" hakumpi mwajiri jambo la kukanusha. Aseme: "Tulikubaliana Sh24,000 kila mwezi, miezi yote ya mwaka, shule ikiwa wazi au imefungwa." Sharti likisha kutajwa hivyo, ni juu ya mwenye shule kuleta ushahidi kwamba makubaliano yalikuwa mengine.

Naye hakosi la kuleta. Anaweza kuwaita walimu wengine waeleze kwamba desturi ya shule ni kulipa miezi tisa. Anaweza pia kuonyesha kwamba mwalimu alikosa mshahara mara tano wala hakuuliza hata mara moja. Kimya hicho si mkataba, lakini mahakama itakipima, kwa maana mwenendo wa watu baada ya kupatana huonyesha walivyoyaelewa mapatano yao. Mwalimu aliyeandika swali Aprili ya kwanza yu mahali pazuri zaidi kuliko aliyenyamaza mpaka siku ya kuondoka. Wala asingoje sana baada ya kuondoka, kwani dai la mkataba wa ajira halina budi kufikishwa mahakamani kabla ya miaka mitatu kupita.

Tuseme basi mwenye shule afaulu kuthibitisha kwamba mapatano yalikuwa ya miezi ya kufundisha tu. Je, mwalimu atoke mikono mitupu? La. Mapatano ya mdomo, hata yakithibitishwa, hayawezi kushuka chini ya kiwango cha sheria. Sheria hiyo humpa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili, baada ya kila miezi 12 mfululizo ya utumishi. Mwajiri aweza kupanga siku hizo ziangukie wakati shule imefungwa, lakini hawezi kuzifanya ziwe bila malipo kwa hoja kwamba mwanafunzi naye yuko likizo. Likizo ya mwanafunzi ni kufungwa kwa madarasa. Likizo ya mwalimu ni sehemu ya ujira wake.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mwajiri hataki kulifungua daftari, mwajiriwa aweza kulianza. Jioni ya siku ile ya mazungumzo, kijana wetu angemtumia mwenye shule ujumbe mfupi wa simu: "Nashukuru kwa kazi. Naanza kesho kufundisha Hisabati. Nimeelewa kwamba mshahara ni Sh24,000 kila mwezi, Januari hadi Desemba. Kama nimekosea, tafadhali nisahihishe." Ujumbe huo haumwondolei mwajiri wajibu wake wa kuandika. Lakini una tarehe, umetaja sharti, na umemwita mwenye shule aseme lililo moyoni mwake wakati bado hakuna ugomvi. Akiusahihisha, kijana atajua mapema ni likizo gani aliyoahidiwa, naye ataamua kama ataripoti kazini asubuhi.