Jedwali la Kotisoli na Mgonjwa wa Safu Mbili

Wanafunzi wa utabibu wanaokaribia mtihani wana jedwali moja ambalo hupitishwa kutoka daftari hadi daftari. Upande mmoja ni dalili za kotisoli iliyozidi, upande wa pili za kotisoli iliyopungua, na karibu kila mstari una kinyume chake.

| Kipimo | Ikizidi | Ikipungua |
|---|---|---|
| Uzito | huongezeka, hasa tumboni na usoni | hupungua |
| Presha | hupanda | hushuka |
| Sukari | hupanda | hushuka |
| Potasiamu | inaweza kushuka | hupanda |
| Ngozi | nyembamba, yenye michirizi ya zambarau | huwa nyeusi zaidi |
| Misuli | dhaifu | dhaifu |

Kotisoli hutengenezwa na adrenali, tezi mbili zilizokaa juu ya figo, na amri hutoka kwa tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Homoni hii hulifanya ini litoe sukari, huvunja protini na huisaidia mishipa ya damu kukaza. Ikizidi kwa muda mrefu, mapaja na mikono hukonda huku tumbo, uso na nyuma ya shingo vikijaa mafuta. Mwaka 1932 Harvey Cushing, mpasuaji wa ubongo wa Marekani, aliandika juu ya wagonjwa wa namna hii, na hali hiyo ikabaki na jina lake. Safu ya pili ina jina la Thomas Addison, daktari wa Hospitali ya Guy's jijini London, aliyewaeleza wagonjwa wake mwaka 1855. Baadhi yao adrenali zao zilikuwa zimeliwa na kifua kikuu, na kifua kikuu bado huziharibu tezi hizo hadi leo.

Mistari inayowakwaza wanafunzi ni ya potasiamu na ngozi, kwa sababu haitokani na kotisoli peke yake. Adrenali zikiharibika zenyewe, hukosekana pia aldosteroni, homoni inayoiambia figo ibakize chumvi na itoe potasiamu. Pituitari nayo, ikiona kotisoli haiji, huzidisha amri, na wingi wa amri hizo ndio unaoamsha rangi ya ngozi. Kwa mtu mweusi mabadiliko haya hayaonekani upesi. Daktari hutazama fizi, mikunjo ya viganja na makovu mapya, au huomba picha ya zamani ya mgonjwa.

Lakini kama kasoro iko kwenye pituitari, amri hazipo kabisa, kwa hiyo ngozi haibadiliki. Aldosteroni huendelea kutolewa kwa kuwa figo ndiyo inayoisimamia zaidi, na potasiamu haipandi. Jedwali la daftarini kwa kawaida halisemi hivyo.

Mfano mmoja unatosha kulivuruga. Mwanamke wa miaka 34 amejipaka mkorogo wenye klobetasoli mwili mzima kwa miaka 3. Uso umejaa, mapaja yana michirizi, na kliniki imemkuta na sukari juu. Anaambiwa mkorogo unamdhuru, anautupa siku hiyohiyo. Wiki mbili baadaye anapata malaria, anatapika, na anafikishwa hospitali akiwa na presha ya 80/50 na sukari ya 2.9. Anayemtazama anaona safu ya kwanza. Anayesoma vipimo anaona ya pili.

Zote mbili ni kweli. Klobetasoli ni steroidi kali inayopenya ngozi na kufanya kazi ya kotisoli mwilini. Kwa miaka mitatu pituitari iliona kazi inafanyika, ikaacha kutuma amri, na adrenali zikasinyaa. Mkorogo ulipokoma ghafla hapakuwa na wa kuushika usukani, na malaria ikaja wakati mwili unahitaji kotisoli nyingi kuliko siku zote. Vidonge vya prednisoloni vilivyotumika kwa miezi, kisha vikakatwa ghafla, hufanya hayohayo. Potasiamu ya mwanamke huyu huenda ikawa ya kawaida, na mwanafunzi anayeisubiri ipande ndipo aamini atachelewa.

Damu ya kupima kotisoli huchukuliwa, ila tiba haisubiri majibu: haidrokotisoni miligramu 100 kwenye mshipa, dripu ya maji ya chumvi, na glukosi kwa ajili ya sukari. Malaria nayo hutibiwa. Baadaye hupewa steroidi ya vidonge inayopunguzwa polepole, na kipimo cha kotisoli cha asubuhi, saa 2 hivi, wakati ambapo mtu mzima wa afya huwa nayo nyingi, huonyesha kama adrenali zimeamka. Hilo laweza kuchukua miezi, pengine zaidi ya mwaka. Katika kipindi hicho akipata homa kali dozi huongezwa, na akihitaji upasuaji, daktari wa usingizi lazima ajue habari ya mkorogo, hata kama uso umekwisha kurudi katika umbo lake.