Barua ya Mkandarasi Bei ya Msingi Inapobadilika

Makisio ya ujenzi huandikwa kabla ardhi haijafunguliwa. Mkandarasi hupima ramani na kukitembelea kiwanja, kisha hutaja bei ya kile kinachoonekana na kile ambacho mtu mzoefu angekitarajia. Kilichofichika chini hujulikana mafundi wanapofikisha jembe hapo. Kikipatikana kitu kinachoongeza kazi, mkandarasi humwandikia mteja barua ya kueleza kwa nini bei ya awali haitoshi tena. Barua hiyo hupokewa kwa shaka, na shaka hiyo ina haki yake, kwa sababu mteja hakuwepo shimo lilipofunguliwa na mara nyingi hana utaalamu wa kupima kilichomo. Barua nzuri ni ile inayompa uwezo wa kukagua kila tarakimu mwenyewe, au kumpa mtu mwingine aikague.

Katika mitaa ya zamani ya Dar es Salaam, kitu kinachofichika mara nyingi ni shimo la choo. Nyumba za Kiswahili zilijengwa na choo cha shimo uani. Shimo lilipojaa lilifukiwa, likachimbwa jingine pembeni. Miaka ikapita, nyumba ikauzwa na kubomolewa, na sasa mnunuzi anajenga nyumba kubwa zaidi inayofunika hadi ule uliokuwa ua. Mtaro wa msingi mpya unapita juu ya shimo la kale. Udongo uliojazwa humo ni laini, umechanganyika na takataka na vipande vya tofali, na huendelea kushuka taratibu. Ukuta ukijengwa juu yake bila tiba, sehemu hiyo huzama huku sehemu za jirani zikibaki palepale, na nyufa za mshazari hujitokeza kwenye pembe za madirisha na milango.

Tuseme mkandarasi alikisia msingi wa nyumba ya vyumba vitatu hadi kumwaga jamvi kwa shilingi 18,500,000. Siku ya kutembelea kiwanja aliuliza choo cha zamani kilikuwa wapi, akaonyeshwa kimoja nyuma, na gharama ya kukichimba na kukijaza akaiweka ndani ya makisio. Kazi ilipoanza, mafundi wakakuta shimo la pili, la zamani zaidi, chini ya sakafu ya saruji ya banda lililokuwa limebomolewa. Lina kipenyo cha mita 1.5, na mtaro wa msingi unapita katikati yake.

Kabla hata ya kuandika, mkandarasi husimamisha kazi mahali hapo, humpigia simu mteja siku hiyohiyo na kumwomba afike kuona. Asipoweza kufika, hutumiwa picha zinazoonyesha tepu ya kupimia iliyonyooshwa juu ya shimo, pamoja na kona ya jengo ili mahali pajulikane. Shimo likifukiwa kabla mteja hajaona, ushahidi huwa umefukiwa nalo, na barua yoyote itakayofuata hubaki ni neno la mtu mmoja. Mikataba mikubwa ina masharti makali kuhusu hili. Katika mkataba wa FIDIC wa mwaka 1999, unaotumika kwenye miradi mingi ya kimataifa, mkandarasi anayetaka malipo ya ziada hutakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 28 tangu alipojua jambo hilo au alipopaswa kulijua; akichelewa, anaweza kupoteza haki yake. Nyumba ya mtu binafsi haijengwi kwa mkataba mzito kiasi hicho, ila sababu ya sharti hilo inafaa hapa pia: mteja apewe nafasi ya kuamua wakati uamuzi bado unawezekana.

Barua yenyewe hufuata sura ya kawaida ya barua rasmi, yenye tarehe, kumbukumbu ya mkataba na kichwa cha habari. Aya ya kwanza husema lililopatikana bila mzunguko:

“YAH: MAREKEBISHO YA MAKISIO YA MSINGI. Ndugu, husika na kichwa cha habari hapo juu. Tulipokuwa tukichimba mtaro wa ukuta wa mbele, tumekuta shimo la choo la zamani lenye kipenyo cha mita 1.5, lililofukiwa kwa takataka na udongo laini. Shimo hili si lile la nyuma ulilotuonyesha, ambalo gharama yake imo kwenye makisio ya awali. Kazi katika sehemu hiyo imesimama tukisubiri uamuzi wako. Sehemu nyingine zinaendelea.”

Sentensi ya tatu ndiyo inayobeba uzito, maana inajibu swali la haki ambalo kila mteja huuliza: kwa nini hukuliona mapema? Mkataba wa FIDIC hupima jambo hili kwa kuuliza kama mkandarasi mzoefu angeweza kulitarajia kabla ya kutoa bei. Katika mtaa ambao kila nyumba ilikuwa na choo cha shimo, mkandarasi asiyeulizia hata kimoja hawezi kudai kwamba ameshtukizwa. Huyu aliuliza, alionyeshwa kimoja na akakitoza. Cha pili kilikuwa chini ya saruji. Hoja yake ina miguu. Vilevile anapaswa kujizuia asichomeke humo mambo yasiyohusika. Kama alisahau kuhesabu mifuko ya saruji, au bei ya nondo imepanda tangu atie saini, hayo si kazi iliyofichika, na kuyaingiza chini ya jina la shimo ni udanganyifu hata kama kila shilingi ilitumika kweli.

Baada ya lililopatikana hufuata tiba, na hapa mhandisi ndiye msemaji. Njia ya kwanza ni kutoa uchafu wote hadi ardhi ngumu na kujaza zege jepesi. Ni njia imara, lakini hakuna ajuaye shimo lina kina gani mpaka liishe, kwa hiyo hakuna ajuaye bei. Njia ya pili ni kulivuka shimo kwa boriti ya zege yenye nondo, ambayo ncha zake hulala kwenye ardhi ambayo haijawahi kuchimbwa na kubeba ukuta kama daraja. Boriti husanifiwa kana kwamba chini yake hakuna kitu. Uchafu laini hutolewa mita 1.5 chini ya kitako cha mtaro na nafasi yake kujazwa changarawe inayoshindiliwa kwa tabaka nyembamba, ili sakafu iliyo kando ya ukuta nayo ipate pa kukaa. Faida kubwa ya njia hii kwa mteja ni kwamba bei ya boriti haipandi hata shimo likiwa refu kuliko ilivyodhaniwa. Barua hutaja njia zote mbili, husema mhandisi amependekeza ya pili, na huambatisha mchoro wake.

Ndipo zinapokuja hesabu, na ndipo barua nyingi zinapoharibika. Barua mbovu huandika “kazi ya ziada, shilingi milioni moja na nusu” na kuishia hapo. Iliyo sahihi hutaja kipimo, bei ya kipimo kimoja na jumla. Katika mfano huu, kuchimba ni mita za ujazo 3.5 kwa shilingi 30,000, yaani 105,000. Bei hiyo haikubuniwa upya: ndiyo iliyotumika kwenye makisio ya awali kwa shimo la nyuma. Ni kubwa kuliko ya mtaro wa kawaida, kwa kuwa kingo za shimo huweza kuporomoka, hewa yake ni chafu na fundi hufanya kazi polepole. Kusomba uchafu kwa lori moja ni 120,000. Changarawe pamoja na kushindilia, mita za ujazo 3.5 kwa 60,000, ni 210,000. Boriti ina urefu wa mita 4, hivyo kila ncha inaingia mita 1.25 kwenye ardhi ngumu. Upana wake ni sentimita 60 na kimo sentimita 40. Zege lake ni mita za ujazo 0.96 kwa 350,000, sawa na 336,000. Nondo na ringi zake, kilo 70 kwa 3,500, ni 245,000. Mhandisi analipwa 200,000. Jumla ni shilingi 1,216,000.

Hesabu haijaisha. Boriti inachukua mahali pa zege la msingi la kawaida ambalo mteja alishatozwa kwa urefu huohuo wa mita 4: upana sentimita 60, unene sentimita 20, yaani mita za ujazo 0.48. Kwa bei ya awali ya 300,000 hiyo ni shilingi 144,000, na haitajengwa tena. Isitoshe, kwa kuwa boriti ni nene zaidi kwa sentimita 20 na kitako cha mtaro hakishuki, kozi moja ya tofali juu yake nayo haihitajiki. Ni mita za mraba 0.8 kwa 40,000, sawa na 32,000. Mkandarasi anapaswa kupunguza shilingi 176,000, na nyongeza halisi inakuwa 1,040,000. Bei mpya ni 19,540,000.

Makato hayo ni madogo, lakini ndiyo kipimo bora cha uaminifu wa barua. Karibu kila kazi ya ziada huondoa kazi fulani iliyokuwa kwenye makisio, na mteja asiye fundi hawezi kuikumbuka. Barua yenye nyongeza tupu bila kato hata moja inastahili kurudishwa kwa swali moja: ni kitu gani sasa hakitajengwa?

Muda nao hutajwa kwa siku na sababu: siku tano, za kuchimba, kufunga nondo, kumwaga zege na kuliacha lishike kabla ukuta haujapanda. Kisha barua hueleza kilichofanyika ili jambo hili lisijirudie. Mkandarasi huyu aligongea nondo ya milimita 12 ardhini kila mita moja kwenye mitaro yote; kwenye udongo uliojazwa nondo huzama kwa urahisi, kwenye ardhi ambayo haijaguswa hugoma. Hakukuta shimo jingine chini ya kuta. Chini ya sakafu kati ya kuta hakupima, na barua inasema hivyo waziwazi, kwa sababu mteja akiachwa aamini kwamba kiwanja chote kimekaguliwa, barua ya pili itamkuta akiwa hana imani tena.

Mwisho huomba uamuzi na kuacha nafasi ya saini mbili: “Tafadhali chagua njia moja na utie saini hapa chini. Hatutaanza kazi hii kabla ya kupata kibali chako cha maandishi.” Mteja anaweza kukubali, kutaka mkadiriaji majenzi wake apitie vipimo, au kupinga bei fulani. Kama mkataba wao ulikuwa wa bei moja ya jumla usio na kifungu kuhusu hali iliyofichika ardhini, ana nafasi kubwa zaidi ya kujadili, na mkandarasi hutegemea makubaliano mapya kuliko haki iliyoandikwa.

Kibali kikitolewa, vipimo vya barua hubaki makadirio hadi siku ya kujaza. Uchafu ukishatolewa na kabla changarawe haijamwagwa, mteja au mwakilishi wake hushika ncha moja ya tepu na msimamizi nyingine; kina na upana huandikwa na wote wawili husaini. Zikichimbwa mita za ujazo 3 badala ya 3.5, zinalipwa 3. Malipo ya nyongeza hiyo hutolewa kwa risiti yake, mbali na awamu za mkataba wa awali, ili salio la nyumba na salio la shimo yasichanganyike.